Kura ninapiga, bado wanasema najipendelea

"Mimi ndiye ninayepanga zamu za usiku. Napiga kura kwa sarafu, lakini wenzangu wanalalamika kuwa najipendelea. Nijichunguze vipi?"

Habari ndugu. Anza kuangalia hili: kabla ya kurusha, uliandika upande upi ni wa nani?

Nami nilipokuwa nikipanga zamu kama wewe, sikuwa naandika. Sarafu ikinipa usiku, nilirusha tena kwa kuwa "ilianguka vibaya", au nikakumbuka kwamba wiki iliyopita nilichoka zaidi. Ikinipa mchana, sikukumbuka lolote. Naapa nilijiona mtenda haki, na hapo ndipo penye hatari, maana kura ilinipa kibali cha kutojihoji.

Mwanasaikolojia Daniel Batson alilionyesha hili mwaka 1997. Watu waligawa kazi mbili, nzuri na ya kuchosha, kati yao na mtu wasiyemwona. Waliochagua kurusha sarafu, karibu 9 kati ya 10 walijikuta na kazi nzuri. Sarafu ya kweli ingewapa nusu hivi. Katika jaribio la baadaye, washiriki wengine walipowekwa mbele ya kioo, upendeleo huo ulitoweka.

Kwa hiyo fungua daftari la miezi 3 iliyopita. Hesabu zamu zako za usiku, kisha za kila mwenzako. Pia hesabu mara ulizorudia kura, na zilikunufaisha nani. Kuanzia sasa andika kanuni mbele yao, na sarafu airushe mwingine, mara moja tu. Kama wanaolalamika hawakubali kanuni yenyewe, kura haitawaridhisha. Hapo mjadili kwanza nani ana sababu ya kupunguziwa usiku.