Ukikabidhiwa kugawa vyumba vya hosteli

Muhula wangu wa kwanza nikimsaidia msimamizi wa hosteli moja ya Kikoni, Kampala, niligawa vyumba kwa njia niliyoiona ya haki. Nilitazama machaguo ya kwanza ya wanafunzi wote, nikayamaliza, ndipo nikaenda kwenye ya pili. Chumba kikigombewa, aliyetangulia kwenye kura ndiye aliyekipata. Wewe usianzie hapo.

Chukua wanafunzi wanne na vyumba vinne. Kura imewapanga hivi: wa sheria, wa uuguzi, wa uhandisi, wa ualimu. Watatu wa mwanzo wanataka kwanza namba 4, chenye bafu lake. Kikikosekana, wa sheria na wa uhandisi wanataka 7, wa uuguzi 11. Wa ualimu ameanza na 7. Namba 15 kinapakana na jenereta, kila mtu amekiweka mwisho.

Kwa njia yangu, wa sheria alichukua 4 na wa ualimu 7, maana hakuwa na mpinzani kwenye chaguo la kwanza. Wa uuguzi akapata 11. Wa uhandisi, aliyemtangulia wa ualimu kwenye kura, akaangukia jenereta. Angedanganya kwa kuandika 7 mwanzoni, angekipata. Wanafunzi hawachelewi kugundua hilo, na muhula unaofuata fomu zinajaa uongo.

Badala yake tumia njia iitwayo udikteta wa zamu: inafuata mtu, haifuati chaguo. Wa kwanza anachukua akipendacho. Anayefuata anachukua akipendacho zaidi kati ya vilivyobaki, hadi mwisho. Hapa wa sheria anapata 4, wa uuguzi 11, wa uhandisi 7, wa ualimu 15. Kudanganya hakumsaidii mtu, kwa kuwa orodha yako haibadilishi vyumba vitakavyobaki zamu yako ikifika. Inaamua tu utachukua kipi. (Nilipoanza kuitumia, aliyekuwa wa mwisho alininunia wiki nzima, na sikumlaumu. Njia hii haimfariji wa mwisho.)

Ila fomu iwe na nafasi ya vyumba vyote. Ukiweka mistari mitatu tu, wa ualimu ataandika 7, 4, 11, vyote vimeshachukuliwa, na atabaki bila chumba. Akilihofia hilo ataacha kimojawapo ili aandike 15, na uongo umerudi kwa mlango wa nyuma.

Kura ipigwe mara moja, fomu zikishafungwa, mbele ya wawakilishi wa wanafunzi. Mtu akiipiga ofisini peke yake, anaweza kuirudia hadi jina la rafiki yake litokee juu.

Ukimaliza, kagua hivi: mshike mwanafunzi mmoja mmoja, tazama kila chumba alichokiweka juu ya alichopewa. Lazima kiwe kimechukuliwa na mwenye namba ya kura iliyo ndogo kuliko yake. Ukikikuta kwa mwenye namba kubwa, au kikiwa wazi, kuna aliyerukwa. Usitoe funguo bado.