Faiba yenye VLAN na PPPoE: logi ya ruta itakuambia kosa liko wapi

> "Wakuu, nimenunua ruta yangu nikaiwekea OpenWrt. Nikichomeka waya wa faiba kwenye WAN hakuna kitu, haipati IP kabisa. Ruta ya kampuni nikiirudisha inafanya kazi. Fundi kanipa jina la mtumiaji, nywila na namba ya VLAN 100 tu, akaondoka. Naanzia wapi?"

Mkuu, ulivyopewa vinatosha. WAN yako haipati IP kwa sababu OpenWrt ikiwa mpya huomba anwani kwa DHCP, na upande wa pili hakuna anayeisikiliza DHCP. Seva ya kampuni inasubiri PPPoE, yaani uingie kwa jina na nywila, tena inaisubiri ndani ya VLAN 100, njia yake yenye namba ndani ya waya uleule. Kwa hiyo kuna milango miwili ya kupita, mmoja nyuma ya mwingine: kwanza pakiti zako zifike kwenye VLAN sahihi, kisha jina na nywila vikubaliwe. Nimefunga ruta za namna hii kwenye nyumba na ofisi nyingi hapa Dar, na karibu kila anayekwama huwa anahangaika na mlango wa pili wakati wa kwanza bado umefungwa. Anabadilisha nywila mara kumi, na hiyo nywila haijafika popote.

Kabla hujagusa ruta, jua ni nani anayeweka tagi ya VLAN, yaani ile namba inayobandikwa kwenye kila pakiti. Hapa ndipo penye utata wenyewe. Kile kiboksi ambacho waya mwembamba wa faiba unaingia, yaani ONT, kinaweza kuwa kimepangwa kwa namna mbili. Ya kwanza, kinapitisha tagi kama zilivyo, hivyo ruta yako lazima iweke 100 yenyewe. Ya pili, ONT inaweka tagi yenyewe kila pakiti inapotoka kwenye poti yake kwenda kwa kampuni, na inaivua inaporudi. Hapo ruta yako inatakiwa kutuma PPPoE tupu. Ukiweka 100 kwenye ruta wakati ONT nayo inaiweka, pakiti zinapotea njiani na hutapata jibu lolote. Fundi akikuambia "VLAN ni 100" anakuwa amesema kweli katika hali zote mbili, ila hajakuambia kazi hiyo ni ya nani.

Namna ya kujua inategemea ulichonacho. Kama kampuni ilikuletea kiboksi kimoja tu kinachofanya yote, faiba na waifai, basi hicho ndicho ONT na ruta kwa pamoja. Ingia kwenye ukurasa wake, fungua sehemu ya WAN. Kwenye vile vya Huawei utakuta jina kama `1_INTERNET_R_VID_100`. Hiyo R maana yake kiboksi chenyewe kinafanya kazi ya ruta, na VID ni namba ya VLAN. Ukikiacha hivyo, PPPoE inaishia humo ndani na ruta yako haiwezi kuingia kwa akaunti ileile. Waombe kampuni wakibadilishe kuwa `Bridge`, yaani kipitishe pakiti tu bila kuingia chenyewe, na wakimaliza jina litasomeka na B badala ya R. Kikiwa bridge na VID 100 ikiwa imeandikwa humo, kwa kawaida tagi inawekwa na chenyewe, kwa hiyo kwenye ruta yako anza bila VLAN. Ukiona WAN nyingine yenye neno `TR069` au `VOIP`, iache kama ilivyo. Ya kwanza kampuni inaitumia kusimamia kifaa kwa mbali, ya pili ni ya simu ya mezani.

Kama una viboksi viwili, ONT ukutani na ruta ya kampuni pembeni, kuna njia nzuri zaidi inayokupa jibu bila kumuuliza mtu. Ruta yoyote ya PPPoE huanza kwa kupiga kelele kwenye waya ikitafuta seva, na kelele hiyo inaitwa PADI. Inatumwa kwa kila aliyepo, kwa hiyo na wewe unaweza kuisikia. Sakinisha `tcpdump` kwenye OpenWrt yako ukiwa bado na intaneti, kisha chomeka waya kutoka WAN ya ruta ya kampuni hadi WAN ya ruta yako, na usikilize:

```
tcpdump -eni wan 'pppoed or (vlan and pppoed)'
```

Ndani ya muda mfupi utaona mistari ya `PADI` ikijirudia. Kama kwenye mstari pameandikwa `vlan 100`, ruta ya kampuni ndiyo iliyokuwa ikiweka tagi na yako ifanye vivyo hivyo. Kama hakuna neno vlan, ilikuwa inatuma tupu na ONT inamalizia. Fanya hili kwenye ruta au kompyuta ya Linux, kwa sababu kadi nyingi za mtandao kwenye Windows huvua tagi kabla hujaziona, ukadhani haipo.

Sasa upangaji wenyewe. Hakikisha kwanza poti yako inaitwaje kwa `ip link`. Kwenye matoleo ya sasa ya OpenWrt mara nyingi ni `wan`, kwenye vifaa vya zamani ni `eth1` au `eth0.2`. Kwenye `wan` au `eth1` tagi inaongezwa kwa nukta na namba tu, huna haja ya kuunda kitu kingine. Kwenye `eth0.2` hiyo haitoshi, inabidi VLAN 100 uipange kwenye swichi ya ndani ya ruta kwanza. Kama poti yako si `wan`, weka jina lake hapa:

```
uci set network.wan.device='wan.100'
uci set network.wan.proto='pppoe'
uci set network.wan.username='jina_lako'
uci set network.wan.password='nywila_yako'
uci commit network
service network restart
```

Kama ONT ndiyo inayoweka tagi, mstari wa kwanza uwe `wan` bila `.100`. Alama za nukuu moja usiziache, maana nywila ikiwa na alama kama `$`, bila nukuu hizo kinachohifadhiwa si ulichoandika. Ukipendelea kurasa za LuCI, fungua kiolesura cha WAN, chagua PPPoE, na kwenye sehemu ya Device andika mwenyewe `wan.100`. Sehemu za `Access Concentrator` na `Service Name` ziache tupu.

Jina la mtumiaji liandike lote, pamoja na `@` na kinachofuata. Na usichukue namba ya VLAN kutoka kwa video ya mtu wa nchi nyingine. Ndugu zetu walioko Ujerumani wakiwa na Telekom wanatumia VLAN 7, walioko Uingereza na faiba ya BT wanaingia kwa PPPoE bila tagi yoyote kwenye ruta. Kila kampuni ina yake.

Baada ya hapo fungua logi na uisome, usikimbilie kubadilisha kitu:

```
logread -f -e pppd
```

Ukiona hivi, uko bado nje ya mlango wa kwanza:

```
Timeout waiting for PADO packets
Unable to complete PPPoE Discovery
```

PADO ni jibu la seva kwa ile kelele ya PADI. Isipokuja, seva haijakusikia, na jina na nywila havijatumwa bado. Acha kabisa kuvigusa. Kagua kama taa ya PON kwenye ONT imetulia bila kupepesa na kama waya uko kwenye poti sahihi ya ONT, kwa sababu kwenye vingine bridge inafunguliwa poti ya kwanza peke yake. Kisha jaribu upande wa pili wa tagi: kama ulikuwa na `wan.100` weka `wan`, na kinyume chake.

Ukiona `PPP session is` na namba, ikifuatiwa na `PAP authentication failed` au `CHAP authentication failed`, furahi kidogo, VLAN yako iko sawa. Sasa ndipo jina na nywila vinahojiwa. Juzi nilikuwa kwa jamaa mmoja Tegeta, logi ikasema hivyohivyo, na nywila tulikuwa tumeithibitisha kwa simu. Sababu ilikuwa ruta ya zamani: ilizimwa kwa kuchomoa umeme, haikuaga. Seva iliendelea kuamini kwamba akaunti hiyo bado iko ndani, na kampuni nyingi huruhusu akaunti moja kuingia mara moja tu. Tukazima ruta mpya, tukasubiri dakika kadhaa seva ikaona hakuna anayejibu, ikakifunga kile kikao cha zamani. Tulipowasha, ikaingia. Kwa hiyo bonyeza `Disconnect` kwenye ruta ya kampuni kabla ya kuichomoa. Ukisubiri na bado inakataa, wapigie uwaulize kama akaunti imefungwa kwenye MAC ya kifaa cha zamani. Kama ndivyo, waombe waifungue, au uiandike MAC ile kwenye poti ya WAN ya ruta yako.

Ikikubali utaona `authentication succeeded` na baada yake `local IP address`. Itazame hiyo anwani. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 mwanzoni, kampuni imekuweka nyuma ya anwani ya pamoja na wateja wengine. Kuvinjari hakuna shida, ila kamera ya nyumbani hutaifikia moja kwa moja ukiwa nje.

Kuna tatizo moja la mwisho linalowachanganya watu kwa sababu linakuja wakati kila kitu kinaonekana kizuri. Ujumbe wa WhatsApp unaenda, lakini tovuti ya benki inazunguka tu haifunguki. Hiyo ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti inayoweza kupita. PPPoE inachukua baiti 8 katika kila pakiti ya 1500, zinabaki 1492. Tagi ya VLAN haimo kwenye hesabu hii, kwa hiyo usiitoe tena. Pima ukiwa kwenye kompyuta ya Linux:

```
ping -M do -s 1464 1.1.1.1
```

Kwenye Windows ni `ping -f -l 1464 1.1.1.1`. Ukiongeza baiti 28 za vichwa, 1464 inakuwa 1492 kamili. Hiyo ipite, na 1472 ikatae. Kama 1464 nayo inakataa, shuka kidogo kidogo hadi ipite, jumlisha 28, na namba hiyo iweke kwenye MTU ya WAN. Kisha hakikisha kwenye firewall eneo la `wan` lina `mtu_fix` na `masq` zote zikiwa 1. OpenWrt huja nazo zimewashwa. Tatizo huwapata wanaotengeneza kiolesura kipya na kukiita kwa mfano `faiba`, wakasahau kukiingiza kwenye eneo la `wan`. Dalili yake ni kwamba `ping` kutoka ndani ya ruta inafika, ila simu na kompyuta za nyumbani hazipati kitu.

Jaribu jioni hii halafu ubandike hapa mistari ya pppd kama ilivyo, ukiwa umefuta jina la akaunti. Na sema ONT yako ni ya kiboksi kimoja au viwili, maana hilo ndilo litakaloamua kama hiyo `.100` ibaki au iondoke.