Usiitupe ile moja inayofurika

Mwaka wa kwanza wa kuandika programu za vifaa vidogo, nilitengeneza kihisi cha joto kinachotuma pakiti za UDP. Mezani kwangu, kwenye anwani zinazoanza na 10, kilifanya kazi vizuri. Kwa mteja, kwenye anwani za 192.168, hakuna pakiti hata moja iliyopokelewa. Wireshark, nilipoiwasha ikague jumla ya uhakiki, namba ambayo mpokeaji huitumia kutambua na kutupa pakiti yenye kosa, ilionyesha kwamba yangu imezidi kwa 1 kamili.

Ukiona kosa la 1 kamili, shuku kijalizo cha moja, yaani namba hasi inayopatikana kwa kugeuza kila biti. Chukua biti nne, utoe 3 kwenye 5. Tatu ni 0011, ukiigeuza unapata 1100. Jumlisha:

```
  0101
+ 1100
------
1 0001
```

Ukiitupa moja ya kushoto, unabaki na 1, jibu la uongo. Ukiirudisha kulia na kuijumlisha, unapata 0010, yaani 2. Sababu ni hii: 1100 ni 12, yaani 15 kutoa 3, kwa hiyo tumeongeza 15 ambayo lazima iondoke. Kuitupa biti ya tano kunaondoa 16, moja zaidi ya deni. Kijalizo cha mbili hulipa hiyo moja mapema: unageuza biti kisha unaongeza 1, inakuwa 1101, na kinachofurika unakitupa bila wasiwasi. Ndiyo maana kompyuta za leo hutumia hicho.

Mfumo wa alama na ukubwa, ambapo biti ya kushoto ni alama tu, hauna hata njia hiyo. Jumlisha 0101 na 1101, yaani 5 na hasi 5, unapata 0010. Lazima kwanza ulinganishe alama, kisha ukubwa.

Sasa jumla ya uhakiki ya intaneti bado inatumia kijalizo cha moja, kwa biti 16. Sehemu ya 192.168 ni 0xC0A8, nayo huingia mara mbili, kwa mtumaji na mpokeaji, hivyo inafurika papo hapo. Anwani zangu za 10 zilikuwa ndogo, na data yangu herufi mbili tu, kwa hiyo kosa lilijificha. Dawa yake:

```c
while (sum >> 16)
    sum = (sum & 0xFFFF) + (sum >> 16);
sum = ~sum & 0xFFFF;
```

Usibadilishe `while` kuwa `if`: 0x1FFFF ikikunjwa mara moja inakuwa 0x10000, bado imefurika.

Kisha kuna sifuri mbili. Katika kijalizo cha moja, 5 kutoa 5 ni 0101 na 1010, jibu 1111, sifuri hasi, ambayo haifanani na 0000 ukizilinganisha biti kwa biti. (Alama na ukubwa nayo ina 0000 na 1000, kijalizo cha mbili kina sifuri moja tu.) UDP ya IPv4 imeigeuza kasoro hiyo kuwa faida: 0x0000 maana yake mtumaji hakukokotoa jumla. Kwa hiyo hesabu yako ikitoka 0, tuma 0xFFFF. Kwa mpokeaji thamani ni ileile.