Kabla ya kuandika maelezo ya pawabenki, soma maoni ya nyota tatu

Nikipewa bidhaa niiandikie maelezo, kwanza huenda kusoma wateja wanasemaje kuhusu zile zinazofanana nayo kwenye maduka ya mtandaoni. Chukua pawabenki ya mAh 20,000. Natafuta chapa tano za bei inayokaribiana, kisha naanza na maoni ya nyota tatu. Mwenye nyota tano huandika "nzuri sana" akaenda zake, na wa nyota moja mara nyingi ana ugomvi na aliyemletea mzigo. Wa nyota tatu ameitumia, na anajua hasa kilichomkera.

Kila lalamiko nalinakili kwenye jedwali kwa maneno ya mteja mwenyewe, na pembeni naandika linahusu nini. Halafu naangalia limejitokeza kwenye chapa ngapi. Likiwa kwenye moja tu, hiyo ni kasoro ya chapa ile. Likiwa kwenye nne kati ya tano, ujue mnunuzi wako naye atakuja nalo kichwani.

Kwenye pawabenki, linaloongoza ni hili: "Wameandika 20,000, simu yangu ni 5,000, mbona haijai mara nne?" Mteja anadhani kaibiwa, na wakati mwingine kweli kaibiwa, maana feki ni nyingi. Lakini hata iliyo halisi haifikishi nne. Ile 20,000 hupimwa kwenye betri ya ndani yenye volti 3.7, wakati USB ya kawaida hutoa volti 5, na umeme kidogo hupotea kama joto njiani. Kinachofika kwenye simu ni kama 12,000 hadi 13,000. Kwa hiyo mimi naandika wazi, tena juu kabisa: "Hujaza simu ya mAh 5,000 mara mbili na nusu hivi." Namba inaonekana ndogo kuliko ya jirani, lakini haimrudishi mteja dukani akiwa na hasira.

Usiishie kwenye maoni, kwa sababu aliyeogopa kununua hakuandika chochote. Huyo utamkuta kwenye sehemu ya maswali: "Naruhusiwa kupanda nayo ndege?" Gawa 20,000 kwa 1,000 upate 20, kisha zidisha kwa volti 3.7 upate wati-saa 74. Mashirika mengi ya ndege huruhusu hadi 100, ila ikae kwenye begi la mkononi. Jibu hilo ni mstari mmoja tu, na wauzaji wengi hawauweki.

Swali jingine ni la siku za umeme kukatika: itawasha ruta ya waifai? Hapo usijibu kwa kukisia. Ruta nyingi hutaka volti 9 au 12, hivyo huhitaji waya wa kupandisha volti. Kama boksi halina waya huo, sema hivyo kwenye maelezo, na kama unauuza kando, taja na bei yake.