Flaiwili yangu inazunguka dakika 11 baada ya kuzima mota, ina nishati ngapi?

*"Wakuu, niko Kisumu, nimetengeneza flaiwili ya kuonyesha watoto wa fomu tatu vile nishati inahifadhiwa. Mota ni ya wati 370, naiwasha dakika mbili, nikizima sahani inaendelea dakika 11 kabla isimame. Nimepiga 370 mara sekunde 120 nikapata juli 44,400. Jamaa mwingine ananiambia nitumie ule muda wa kusimama. Nani yuko sawa?"*

Hakuna aliye sawa bosi, na nasema hivyo kwa sababu mimi nilishakosea zote mbili nikiwa hapa Nakuru, mwaka jana nikisaidia vijana wa shule moja na mradi kama huo wako.

Tuanze na hiyo 44,400. Wati 370 zilizoandikwa kwa kibati ni zile mota inaweza kutoa ikifanya kazi ngumu, sio zile inazotoa kila wakati. Sahani ikishashika kasi mota inabaki tu kupigana na beringi na upepo, wati chache sana, stima ingine yote inaishia kuwa joto. Sahani yetu ilikuwa chuma cha milimita 20, upana sentimita 40, kilo 19.7 kwa mizani ya muuza skrapu. Ile ndio iwe na juli 44,400 ingebidi izunguke kama mara 4,550 kwa dakika, na sisi tulikuwa 1,200. Kwa ile kasi ningekuwa nimeshatoroka hiyo karakana.

Sasa huo muda wa kusimama. Muda peke yake haukuambii nishati, unakuambia msuguano ni mdogo kiasi gani ukilinganisha na inesha, yaani ule ukaidi wa sahani kukataa kubadilisha mwendo. Tuliliona wazi siku tulitoa grisi kwa beringi tukaweka mafuta ya cherehani. Kushuka kutoka 1,200 hadi 600 kulikuwa kunachukua sekunde 310, kukawa sekunde 450, na vijana wakapiga makofi eti nishati imeongezeka. Imeongezekaje na sahani ni ile ile, kasi ni ile ile? Kilichopungua ni kuvuja. Ni kama mtungi, ukiziba tundu maji yanakaa sana lakini mtungi haujakuwa mkubwa.

Kwa hivyo unahitaji kitu kimoja unachokijua kwa uhakika ndio uvunje hilo fumbo, na njia nzuri ni breki unayoweza kuisoma. Acha sahani ishuke mara ya kwanza bila breki, halafu mara ya pili na breki ya nguvu unayoijua, tofauti ya hizo mbili inakupa inesha bila hata kujua msuguano wa beringi mapema.

Sisi tulichukua puli ya nusu kipenyo sentimita 5 kwa shafti ileile, tukaipitishia ukanda wa ngozi wa mkoba mzee, kila mwisho tukafunga mizani ya springi ya maabara. Sahani ikizunguka upande mmoja unavutwa zaidi, moja ikasoma nyutoni 5.5 na nyingine 1.5, na kinachopunguza mwendo ni ile tofauti, nyutoni 4, sio 5.5 (hapa wengi huanguka). Nyutoni 4 mara mita 0.05 ni nyutonimita 0.2. Ngozi ikipata joto inaanza kushika vibaya na mizani inacheza, kwa hivyo kijana mmoja alikuwa kazi yake ni kukaza na kulegeza nati tofauti ibaki 4, mwingine ako na takometa, mwingine saa.

Bila breki ni hizo sekunde 310, na breki ikawa sekunde 88. Kushuka mizunguko 600 kwa dakika ni 62.8 ukigeuza kuwa radiani kwa sekunde. Basi a1 na a2 ni vile kasi inapungua kila sekunde bila breki na kwa breki, I ni inesha, E ni nishati, w ni kasi ya kuanzia kwa radiani kwa sekunde:

```
a1 = 62.8 / 310 = 0.203
a2 = 62.8 / 88  = 0.714
I  = 0.2 / (a2 - a1) = 0.39
E  = 0.5 * I * w^2, w = 125.7
E  = karibu 3,100 J
```

Na ukitaka msuguano wote, beringi pamoja na upepo, ni I mara a1, karibu nyutonimita 0.08, ambayo katikati ya huo mshuko ni kama wati 7 na nusu. Juli 3,100 ni taa ya LED ya wati 5 kwa dakika kumi hivi, na hiyo ni kama dainamo haili kitu, na inakula. Halafu ukifika nusu ya kasi umeshatoa robo tatu ya nishati yote, kwa hivyo zile dakika za mwisho sahani inazunguka polepole watu wakishangaa, hakuna kitu mle ndani.

Sasa vile tuliharibu mara ya kwanza. Tulianza asubuhi na beringi baridi, grisi mpya nzito, bila breki tukapata sekunde 215. Tukaenda chai, tukarudi tukaendesha mota muda mrefu tukipanga breki, na breki tukapata hizo 88. Ukipiga hesabu I inatoka 0.47. Mimi nikasherehekea. Ni msichana mmoja wa pale aliyeuliza, mwalimu, lakini sahani bapa ya kilo 19.7 na nusu kipenyo 0.2, si nusu ya uzito mara nusu kipenyo kipeo cha pili ni 0.39 tu? Hiyo 0.08 ingine ingetoka wapi? Shafti ni nyembamba, haiongezi kitu. Shida ilikuwa grisi, ilikuwa imepata joto kati ya vipimo viwili, kwa hivyo tulilinganisha beringi mbili tofauti kana kwamba ni moja. Tangu hapo naendesha mota dakika 20 kwanza, napima bila breki, na breki, halafu tena bila breki, ya kwanza na ya tatu zikipishana zaidi ya sekunde kumi hivi natupa zote.

Kingine, usipime mpaka isimame kabisa. Andika muda wa kila kasi inaposhuka kwa mizunguko 100 kwa dakika. Sisi 1,200 hadi 1,100 ilikuwa kama sekunde 42 na 700 hadi 600 kama 64, maana juu upepo na grisi vinavuta zaidi. Chini kabisa ni mpira wa kuzuia vumbi kwenye beringi ndio unaamua, huko leo ni hivi kesho vile, na dakika zako 11 zimeingiza hayo yote. Ukiona inasimama ghafla mwishoni badala ya kufifia, legeza zile skrubu za kola usukume shafti kidogo, mara nyingi beringi mbili zimebanwa zikisukumana.

Na tafadhali hiyo sahani iwe ndani ya kizimba cha chuma, sio wavu wa kuku, na watoto wakae mbele ya shafti, sio usawa wa ukingo. Pima kilo na kipenyo, uniwekee hapa na muda wa kila 100, tuone I yako inasemaje.