Gemu lote ni Kijapani na kadi yangu ipo Play Store: unajuaje usije ukanunua kitu bila kujua?

*Wakuu, nipo Mafinga. Nimeshusha gemu la Kijapani, ni zuri balaa ila kila kitu ni Kijapani, vitufe vyote nabahatisha tu. Tatizo kadi yangu ya benki ipo Play Store, na mdogo wangu wa darasa la sita naye analicheza. Nitajuaje tusije tukanunua kitu kwa hela halisi bila kujua?*

Kamwene mkuu. Mimi nipo Mbeya, natengeneza simu pale Kabwe, na haya magemu ya Kijapani nayacheza mwenyewe.

Nianze na la kukutoa wasiwasi. Gemu ulilolishusha Play Store haliikati kadi yako lenyewe. Linachofanya ni kuiomba Play Store, na Play Store ndiyo inafungua dirisha lake la malipo, lile linaloinuka kutoka chini ya skrini. Dirisha hilo si mali ya gemu, kwa hiyo halifuati lugha ya gemu. Linafuata lugha ya simu yako. Ukiwa umeweka Kiswahili, linakuja na Kiswahili. Sasa ukiwa katikati ya Kijapani chote hicho, ghafla ukaona maandishi unayoyasoma vizuri, jina la kifurushi, jina la gemu, bei, na tarakimu za mwisho za kadi yako, basi hapo ndipo penye hela. Kabla ya hapo hata senti haijatoka.

Mimi ningekushauri ulifungue hilo dirisha mara moja kwa makusudi ili ulizoee sura, lakini kwanza funga mlango. Ingia Play Store, gusa picha yako juu kulia, nenda Mipangilio, tafuta sehemu ya uthibitishaji wa ununuzi. Majina ya menyu yanabadilika badilika kulingana na toleo, ila utakuta chaguo tatu: kuthibitisha kila unaponunua, kuthibitisha kila baada ya dakika 30, au kutothibitisha kabisa. Weka kila unaponunua. Mpangilio huu ni wa simu hiyo tu. Kama akaunti ipo pia kwenye tableti, huko nako unaweka upya.

Hiyo ya dakika 30 ndiyo inayoliza watu. Kuna dada mmoja mwalimu alikuja na simu kutoka Tukuyu, anasema imeingiliwa na wezi. Nikafungua historia ya manunuzi: miamala mitatu, gemu lile lile, usiku mmoja, imepishana dakika chache. Nikamuuliza kama kuna kitu alikiruhusu usiku ule. Akakumbuka kwamba mwanae alimwomba kifurushi kimoja kidogo cha bei ya soda, akaweka nenosiri mwenyewe, akamrudishia simu akaenda kupika. Nenosiri lile moja lilifungua mlango kwa nusu saa nzima. Mtoto akaendelea kugusa, hakuombwa chochote, kila kilichokuja akakubali. Mwizi hakuwepo.

Halafu kuna suala la alama ya kidole. Ukiruhusu kidole kitumike kuthibitisha manunuzi, Play Store haiulizi ni kidole cha nani, kidole chochote kilichosajiliwa kwenye simu kinapita. Kama ulimsajili mdogo wako ili awe anafungua simu mwenyewe, basi umemsajili na kwenye manunuzi. Futa kidole chake au zima kidole kwenye manunuzi, ibaki nenosiri ambalo yeye halijui.

Sasa tuingie ndani ya gemu. Watu wengi wanakimbilia kujifunza neno la kununua, ambalo ni 購入, wakidhani wakilikwepa wamepona. Halikusaidii sana, maana gemu linatumia neno hilo hilo ukinunua kwa mawe ya bure uliyoyapata kwa kucheza na ukinunua kwa hela. Hata programu ya kutafsiri kwa kamera itakuandikia "nunua" pande zote mbili na kukuacha pale pale. Cha kuangalia ni kilichokaa pembeni ya namba. Pembeni kukiwa na kipicha cha jiwe au sarafu ya gemu, unatumia mali ya humo humo ndani. Ukiona 円 au ¥, au bei imeandikwa TZS, hiyo ni hela. Magemu mengine yanaacha bei kwa yeni hata ukiwa Tanzania, mengine yanaichukua kutoka Play Store ikiwa tayari kwa shilingi, kwa hiyo usitegemee alama ya yeni peke yake.

Chukulia mfano unaotokea sana. Unataka kuvuta wahusika kumi wa gemu kwa bahati nasibu, kwa mkupuo mmoja, bei yake mawe 500, wewe unayo 450. Ukigusa, gemu halikatai kimya kimya. Linatoa kidirisha kinachosema hivi:

```
石が50個不足しています。
購入画面に移動しますか？
[いいえ]   [はい]
```

Linakwambia mawe yamepungua 50, na linauliza kama likupeleke kwenye skrini ya kununua. Herufi za kuzikariri hapo ni 不足, maana yake havitoshi. Ukiziona, ujue kitufe kinachofuata kinakupeleka dukani. Magemu mengi ya Kijapani yanaweka kukubali kulia na kukataa kushoto, na kile cha kulia kinapewa rangi ya kuvutia. Ndiyo maana mtu aliyezoea kugusa kulia kulia kuruka mazungumzo anajikuta dukani. はい ni ndiyo, いいえ ni hapana. Pengine wanaandika キャンセル, ghairi. Kitufe cha kurudi cha simu nacho kwa kawaida kinakutoa, au angalau kinakuuliza kama unataka kufunga gemu.

Tuseme umegusa はい. Bado hujalipa. Unaletwa kwenye orodha ya vifurushi vya mawe, kila kimoja na bei, ¥160, ¥480 na kuendelea. Kuna dalili mbili kwamba hapa ni duka la hela na si duka la mawe. Ya kwanza, kama hujawahi kununua, magemu mengi yanakuuliza kwanza umri au mwaka na mwezi wa kuzaliwa, juu pameandikwa 年齢確認. Wanafanya hivyo kuwawekea watoto kikomo cha matumizi ya mwezi. Chini ya miaka 16 mara nyingi utakuta yeni 5,000. Kutumia mawe ya bure hakuhitaji umri wa mtu, kwa hiyo ukiulizwa umri rudi nyuma.

Ya pili ipo chini kabisa ya orodha, maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma:

```
特定商取引法に基づく表示
資金決済法に基づく表示
```

Haya ni matangazo ya kisheria. La kwanza linatokana na sheria ya Japani ya 1976 inayomtaka anayeuza kwa mbali ajitambulishe, la pili linatokana na sheria ya 2009 ya huduma za malipo, inayogusa vitu vinavyolipiwa kabla ya kutumika, kama mawe ya kununua. Huna haja ya kuyasoma. Linganisha tu umbo. Duka la kubadilisha sarafu za gemu kwa vifaa kwa kawaida halina mistari hiyo. Kwangu mimi hii ndiyo dalili ya kuaminika kuliko rangi, vipicha na vitu vyote vinavyomeremeta pale juu.

Sheria hiyo hiyo ya malipo ndiyo inayofanya ukute mawe yako yamegawanywa mafungu mawili: 無償 ni ya bure, 有償 ni ya kununua. Ukiona kitufe cha kuvuta wahusika kimeandikwa 有償, hata uwe na mawe 10,000 ya bure hakitayatumia. Kitakwambia 不足 na kukupeleka dukani kama nilivyoeleza hapo juu. Bei yake huwa inaonekana ya chee ukilinganisha na vitufe vya pembeni, ndiyo maana macho yanakimbilia huko. Mwoneshe mdogo wako herufi hiyo ya kwanza, 有 na 無, akariri kama picha. Darasa la sita anaweza kabisa, pengine atakushinda.

Kuhusu vifurushi vya mwezi nitasema kidogo tu. Ukiona 自動更新, kinajiendeleza chenyewe kila kipindi kikiisha. Na kufuta gemu hakusimamishi makato. Unasimamisha kwenye Play Store, sehemu ya malipo na usajili.

Ikitokea hela imetoka, angalia saa, usikae unalalamika. Google wanapokea ombi la kurudishiwa ndani ya saa 48 tangu ununuzi. Ikizidi hapo wanakuelekeza kwa waliotengeneza gemu. Fungua barua pepe ya risiti, chukua namba ya oda inayoanza na `GPA.`, nenda kwenye historia ya manunuzi na uombe kurudishiwa, ukieleza kwa kifupi nani aliyegusa. Mwalimu wetu wa Tukuyu aliwahi, tulituma ombi pale pale kwenye benchi langu asubuhi ya pili yake, akarudishiwa. Ila usiyatumie yale mawe wakati unasubiri, unajiharibia mwenyewe.

Yote haya nimeyasema nikichukulia umelishusha gemu Play Store yenyewe. Magemu mengi ya Kijapani hayaonekani kwenye Play Store ya hapa kwetu, kwa hiyo watu wanayachukua kama faili la APK kutoka pembeni. Kama lako ni la hivyo, lile dirisha la Kiswahili linaweza lisije kabisa. Linaweza kufunguka tovuti ya malipo ya Kijapani inayokuomba uandike namba za kadi. Uthibitishaji wa Play Store haugusi huko. Hapo kanuni ni moja: kadi haiandikwi, na kama simu imehifadhi namba za kadi ili ijaze yenyewe kwenye fomu za tovuti, zima ujazaji huo leo.

Ukikwama, piga picha ya skrini ya hilo duka uiweke hapa, ufiche namba ya akaunti yako. Na useme gemu ulilitoa wapi, maana hicho ndicho sijakijua bado.