Kahawa ya Eropresi: kuipindua au kuiacha wima?

Vijana wangu wanaisimamisha Eropresi, ile silinda ya kukamulia kahawa kwa pistoni, kichwa chini, mimi naiweka kama kawaida. Ni kweli ya kupindua inatoa kahawa nzito zaidi? (Langoni, Lamu)

Mara nyingi ndiyo, na sababu ni matone. Ukiiweka kawaida, kifuniko chenye matundu kiko chini, juu ya kikombe. Tangu umimine maji hadi uingize pistoni, maji yanadondoka kikombeni kabla hayajakaa na kahawa vya kutosha, na hayo ndiyo yanayoipunguza nguvu. Ukiipindua, pistoni ndiyo sakafu. Hapana pa kuvuja, maji yote yanakaa na kahawa mpaka mwisho.

Lakini fanya jaribio hili, bwana wangu. Chukua gramu 15 za kahawa ya Nyeri, isagwe karibu na chumvi ya mezani, maji gramu 200, chujio la karatasi, dakika 2 kwa kila kikombe. Cha kwanza, ya kawaida: iache wazi nusu dakika ndipo uingize pistoni. Cha pili, ipindue. Cha tatu, ya kawaida tena, ila ingiza pistoni mara tu ukishakoroga, kisha ivute juu kidogo. Mvuto huo wa hewa unayazuia matone.

Cha kwanza kitakuwa chepesi, na ule uchachu wa matunda wa Nyeri utausikia waziwazi. Cha pili kitajaa mdomoni. Cha tatu kitakaribiana na cha pili kiasi kwamba ukifumbwa macho huenda usivitofautishe. Kwa hiyo tofauti kubwa haiko katika kupindua kwenyewe, iko katika kiasi cha maji yaliyotangulia kuvuja. Na kadiri unga ulivyo mkubwa, ndivyo yanavyovuja mengi.

Mimi napindua kila siku, na bado si nzito kama ya dele. Nakosea wapi? (Shela, Lamu)

Hukosei, dada, ni karatasi. Uzito ule wa mdomoni hutokana na mafuta ya kahawa na vumbi laini la unga, na karatasi inavizuia vyote viwili. Kahawa ya dele haichujwi kwa karatasi, ndiyo maana inautanda ulimi. Kupindua kumekuongezea nguvu, nayo nguvu si uzito. Vitenganishe hivi: ongeza maji moto kidogo kikombeni. Ikiwa ule ujazo umetoweka, ilikuwa nguvu tu. Ikiwa ladha imepungua lakini utelezi umebaki, huo ndio uzito wenyewe.

Ukiutaka, tumia chujio la chuma. Hapo unga uwe mkubwa kidogo, na baada ya kuigeuza juu ya kikombe subiri nusu dakika kabla ya kusukuma. Kahawa iliyokuwa ikielea imetibuliwa ulipogeuza. Ipe muda itulie juu ya chujio, nayo yenyewe itasaidia kuchuja. Sukuma polepole, na ukisikia sauti ya hewa, ssss, acha papo hapo. Ukikuta tope chini ya kikombe na ukavu ulimini, ama ulisukuma kwa haraka ama ulipitiliza sauti ile.

Rafiki yangu wa Nairobi amenipa kipimo chake cha kupindua, maji ya kuchemka tu. Kahawa ni moja, kinu kimoja, kwangu inatoka chungu. (Malindi)

Maji yenu hayachemki sawa. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Malindi ni 100. Kipimo kilekile kwako kina joto zaidi, na kwa kuwa umepindua, hakuna tone linaloponyoka mapema. Kahawa yote inakaa na joto hilo. Iondoe birika motoni, mimina maji kwenye jagi baridi kwanza, ndipo uyatie kwenye kahawa. Ukiwa na kipimajoto, anza na 92. Uchungu ukibaki, shuka zaidi bila woga: Alan Adler, Mmarekani aliyekitoa chombo hiki mwaka 2005, yeye alielekeza nyuzi 80 hivi, kwa unga laini na muda mfupi sana. Kipimo chake ni cha kuiweka wima, na kinatoa kahawa laini isiyochacha sana.

Naogopa kuungua nikigeuza. (Mkomani, Lamu)

Basi usigeuze, tumia kile kikombe cha tatu hapo juu. Anayeshikilia kupindua aingize pistoni ndani ya kutosha isichomoke, asijaze hadi ukingoni, akaze kifuniko, kisha aegemeze kikombe juu yake na kugeuza vyote pamoja, mkono mmoja kwenye silinda na mwingine kwenye kikombe.